Jina mtalitoa, sawa. Na nyumba yangu je?

"Jina langu mtalitoa, sawa. Na nyumba yangu je?"

Aliyeuliza alikuwa mzee wa miaka 70 na ushei. Alikaa pembeni ya mkeka, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya baraza, msuli wake ameutandaza vizuri mapajani. Nilikuwa nimeshawasomea kwa sauti, karibu dakika 20, karatasi ya ridhaa ya utafiti wa afya niliyoitafsiri kwa Kiswahili. Watu tisa walikuwa wakinisikiliza, kahawa imeshapoa kwenye vikombe. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi hii: "Taarifa zako zitaondolewa utambulisho kabla ya kutumiwa."

Nikamjibu haraka, "Nyumba haiandikwi, babu."

Akanyoosha kidole kwa kijana aliyepakata kishikwambi. "Huyu mjukuu wangu asubuhi alisimama mlangoni kwangu na hiyo simu kubwa, akasema anajaribu fomu, anachukua alama ya mahali. Alama ya mahali si nyumba, mwanangu?"

Sikuwa na jibu.

Kijiji chenyewe kiko pwani ya Lindi, na jina lake sitalitaja. Mkisoma hadi mwisho mtaona kwa nini. Wiki kadhaa sasa swali lile linanirudia nikiwa jikoni, nikiwa kwenye basi la kurudi Mtwara, hata katikati ya tafsiri nyingine zisizohusiana nalo kabisa.

## Kazi niliyopewa

Utafiti ulihusu matende na mabusha. Kwetu hakuna haja ya kueleza magonjwa haya, wala dawa tulizokuwa tukimezeshwa kijiji kizima, ivermektini na albendazoli. Watafiti walitaka kujua kama vimelea bado vinazunguka katika vijiji viwili.

Kwa kawaida maombi ya kibali cha maadili huandikwa kwa Kiingereza, kisha zile karatasi zitakazosomwa na mshiriki ndizo hutafsiriwa kwa Kiswahili. Safari hii mtafiti mkuu alitaka maombi yote yawe kwa Kiswahili pia: maelezo ya madhara, ulinzi wa washiriki, na mpango wa kutunza data. Sababu yake ilikuwa nzuri. Wauguzi, wadodosaji na kamati ya ushauri ya jamii ndio wangeulizwa maswali mlangoni kwa watu, na hawawezi kuilinda ahadi wasiyoijua.

Kwa hiyo nilikuwa natafsiri nyaraka mbili kwa pamoja. Moja inamwambia mshiriki tutamtendea nini. Nyingine inaiambia kamati ya maadili tutamtendea nini huyo mshiriki. Mtu akisoma moja tu, kila kitu kinaonekana sawa.

## Neno lililoko kwenye nguzo ya umeme

Nilikwama kwanza kwenye madhara. Maombi yalisema utafiti huu una "hatari ndogo". Hivyo ndivyo kamusi inavyotoa, na hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye rasimu ya kwanza.

Lakini hatari, kwa msemaji wa Kiswahili, ni lile neno jekundu lililopigwa chapa kwenye nguzo ya umeme pamoja na fuvu la kichwa. Ukimwambia mtu kuna hatari ndogo, umemwambia kuna fuvu dogo. Katika lugha ya maadili ya utafiti neno lile lina maana nyingine: uwezekano na ukubwa wa madhara hauzidi ule ambao mtu hukutana nao katika maisha ya kila siku au katika vipimo vya kawaida vya hospitali. Ndani yake kuna vitu viwili, yaani jambo linaweza kutokea kwa kiasi gani, na likitokea litaumiza kiasi gani.

Nikaamua kuvitenganisha. Kwa kila dhara niliandika sentensi mbili, moja ya uwezekano na nyingine ya uzito.

Mchomo wa kidole ulikuwa rahisi: karibu kila mtu atasikia maumivu, na yataisha muda si mrefu. Kidole kuvilia damu au kupata vijidudu ni jambo la nadra, na likitokea zahanati itakutibu bila malipo. Hapo "ndogo" ilikuwa kweli.

Kipimo cha usiku ndicho kilichoivunja. Watoto wa minyoo wanaoleta magonjwa haya hujitokeza kwa wingi kwenye damu ya juu wakati wa usiku, kwa hiyo kioo cha damu nene kinatengenezwa kati ya saa 4 usiku na saa 8 usiku. Kipimo kile kingine cha kitepe, ambacho husomwa baada ya dakika 10, hufanyika saa yoyote. Sasa fikiria wageni wenye koti jeupe wanabisha hodi saa 5 usiku, na wamekuja kuchukua damu. Nani huku kwetu hajawahi kusikia habari za mumiani tangu utotoni? Halafu jirani anaona nyumba gani imebishiwa, na nyumba gani imerudiwa wiki inayofuata kwa ajili ya matibabu.

Uwezekano wa minong'ono hiyo si mdogo. Na uzito wake kwa mwanamume mwenye busha, ambaye kwa miaka amekuwa akichagua kanzu pana na kukaa nyuma msikitini, si mdogo hata kidogo. Rasimu ya Kiingereza ilikuwa imelimaliza jambo hili kwa mstari mmoja, ikisema kwamba usumbufu wa kijamii unaweza kutokea mara chache.

Nikaweka alama pembeni na kuendelea. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alama ile ilikuwa inazungumza na sura ya mpango wa kutunza data.

## Kijiko cha chai

Jambo moja nililikosea kwa nia njema.

Kioo cha usiku kinahitaji damu mikrolita 60, na kitepe mikrolita 75. Jumla 135. Hakuna mtu barazani anayepima kwa mikrolita, kwa hiyo nilitafuta mfano. Kijiko cha chai kina mikrolita 5,000. Nikapiga hesabu na kuandika kwa furaha: "Ingehitajika damu ya watu wapatao 37 ili kujaza kijiko kimoja cha chai."

Nilipoisoma, mama mmoja aliyekuwa akichambua mbaazi alisimamisha mikono. "Kwa hiyo mnakusanya kwenye kijiko?"

Hesabu ilikuwa sahihi. Picha ndiyo iliyokuwa mbaya, kwa sababu nilikuwa nimeijumlisha damu ya kijiji ndani ya chombo kimoja, tena chombo cha kuingiza kinywani, mahali ambapo hofu ya watu ni hiyohiyo ya damu kukusanywa na kunywewa. Nikafuta. Sasa inasomeka: "Tutachukua matone yasiyozidi matatu kutoka kidole chako. Tone moja na nusu litawekwa kwenye kitepe na utaliona likisomwa mbele yako. Lililobaki litapakwa kwenye kioo." Kila tone lina mahali pake, na mtu anaona linakokwenda.

## Kibali si ridhaa

Kuhusu ulinzi wa washiriki nitasema kwa ufupi, maana wengi mnaofanya kazi hizi mnalijua. Rasimu ya zamani niliyopewa kama mfano iliita karatasi ya mshiriki "fomu ya kibali". Kibali kinatoka ofisini. Mtendaji wa kijiji akishapiga muhuri, watu wanajua kibali kimetoka, na anayekataa anaonekana anapingana na serikali. Ridhaa inatoka kwa mtu mwenyewe. Nikabadilisha kila mahali.

Vilevile ile ahadi ya kujitoa "bila kuadhibiwa" nikaiacha. Kumwambia mtu hataadhibiwa ni kumjulisha kwamba adhabu ilifikiriwa. Tukaandika: "Ukikataa leo, au ukikubali kisha ukabadili nia kesho, utahudumiwa zahanati kama kawaida, na dawa za kampeni utapewa kama wengine."

Kilichonitia wasiwasi kilikuwa shahidi. Kwa asiyejua kusoma, ridhaa ni dole gumba na sahihi ya shahidi asiyehusika na utafiti. Maombi yalimtaja mwenyekiti wa kitongoji kuwa shahidi, kwa kuwa usiku angekuwepo hata hivyo ili kuwatambulisha wageni. Lakini mwenyekiti ndiye aliyewapokea watafiti, na ndiye anayemwandikia mtu barua akitaka mkopo au kitambulisho. Nani atamkatalia mgeni mbele yake? Tulikubaliana mwenyekiti abishe hodi, ataje majina ya waliokuja, kisha arudi barabarani kabla ya swali la kwanza. Shahidi atachaguliwa na mshiriki mwenyewe, hata kama ni jirani yake.

## Ufunguo uko wapi

Sasa narudi kwa mzee.

Jioni ile, kwenye nyumba ya wageni, nilifungua sura ya data na kuisoma upya kana kwamba sijawahi kuiona. Sentensi ya Kiingereza ilitumia neno lenye maana ya kuondoa utambulisho. Nilikuwa nimelitafsiri sawasawa. Nilichokuwa sijafanya ni kujiuliza ni utambulisho upi unaoondolewa, nani anauondoa, na unapelekwa wapi.

Kuna hali mbili ambazo neno lile linaweza kuzificha. Katika hali ya kwanza, jina halipo tena popote. Hakuna mtu duniani, hata mtafiti mwenyewe, anayeweza kurudi kwako kupitia karatasi ile. Katika hali ya pili, jina limetolewa na namba imewekwa, lakini ipo orodha mahali fulani inayosema namba 0147 ni fulani bin fulani. Wenye kazi huiita orodha hiyo ufunguo.

Utafiti wetu ulikuwa hali ya pili, na ulilazimika kuwa hivyo. Mtu akikutwa na vimelea lazima atafutwe na kupewa dawa. Kuiweka hali ya kwanza kungekuwa kumtelekeza mgonjwa. Kwa hiyo ufunguo haukuwa kosa. Kosa ni kwamba karatasi ya mshiriki ilimfanya aamini kuwa haupo.

Halafu nikafungua fomu ya kishikwambi, iliyotengenezwa kwa ODK, programu ya kukusanyia data. Mistari mitatu ilinikalisha:

```
type      name         label
geopoint  gps_nyumba   Chukua GPS mlangoni
integer   umri         Umri kwa miaka
select_one ndiyo_hapana busha  Ana busha?
```

Safu ya jina ingefutwa kabla data hazijatumwa kwa washirika wa nje ya nchi. Safu hizi tatu zingebaki.

GPS huandika nukta kama -10.04218, desimali tano. Desimali ya tano ni kama mita moja ardhini. Simu haina usahihi wa kiasi hicho, lakini hata ikikosea kwa mita tano au kumi, kwenye kijiji ambacho nyumba zimeachana kwa shamba la minazi, bado ni mlango mmoja tu. Ongeza umri wa 73. Ongeza ndiyo kwenye busha. Utafute jina la nini tena?

Mzee alikuwa ameliona jambo hili kwa kutazama mahali kijana aliposimama.

## Kishawishi

Hapa ndipo niliposhindana na nafsi yangu, na nalieleza kwa urefu kwa sababu nadhani watafsiri wengi tunashindwa hapa bila kujua.

Ningeweza kurekebisha Kiswahili peke yake. Ningeandika: "Jina lako litatolewa, namba itawekwa, na mahali pa nyumba yako patabaki kwenye kumbukumbu." Sentensi ya kweli, iliyo wazi. Watu wangeelewa, nami ningelala usingizi.

Lakini kamati ya maadili hupitisha nyaraka zote pamoja, kila moja ikiwa na namba ya toleo na tarehe chini ya ukurasa. Kama Kiswahili kinasema jambo ambalo Kiingereza hakisemi, basi kuna ahadi mbili, na siku ya ugomvi itashinda ile iliyoko kwenye lugha ambayo mzee haisomi. Zaidi ya hapo, ningekuwa nimemweleza mshiriki tatizo bila kuliondoa. Nyumba yake ingeendelea kusafiri.

Njia nyingine ilikuwa kunyamaza na kutegemea tafsiri rejea, yaani mtu mwingine asiyeona maandishi ya asili akirudishe Kiswahili changu katika Kiingereza ili vilinganishwe. Ilishafanyika. Sentensi ile ilirudi safi kabisa, neno kwa neno. Mwenzangu ana uzoefu wa miaka kwenye tafiti za afya, na alipoona "kuondolewa utambulisho" alijua papo hapo neno gani la Kiingereza lilikuwa nyuma yake. Tafsiri rejea ilithibitisha kwamba watafsiri wawili tunaelewana. Haikupima kama mzee anaelewa.

Nikaandika barua. Ilikuwa na hoja nne, kila moja na ukurasa wake na mstari wake. Niliandika kwamba siwezi kuikamilisha tafsiri mpaka niambiwe nani anashika ufunguo, GPS inatumika kwa kazi gani, inafutwa lini, na nani nje ya nchi ataiona. Niliongeza kwamba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, habari za afya ya mtu zimo katika taarifa nyeti, na kuzitoa nje ya nchi kuna masharti yake.

Jibu la kwanza lilinichoma. Niliambiwa kwamba kazi yangu ni lugha. Siku mbili baadaye mtafiti mkuu alinipigia mwenyewe. Alikuwa ameifungua fomu, akaweka nukta moja ya majaribio kwenye ramani ya picha za setilaiti, na akaona paa la mabati na mti wa mwembe uani.

"Dada," aliniambia, "nimeliona hadi banda la kuku."

## Kilichobadilika

GPS haikufutwa yote. Ingekuwa rahisi kusema hivyo, lakini timu inaihitaji ili kumpata aliyekutwa na vimelea, na ili kuona kama wagonjwa wamekusanyika karibu na madimbwi fulani. Kilichogawanywa ni njia yake.

Nukta kamili sasa inakaa kwenye faili moja na ufunguo, limefungwa kwa usimbaji fiche, kwenye kompyuta iliyoko hapa nchini, na wenye nywila ni wawili waliotajwa kwa vyeo vyao. Faili la pili, linalokwenda kwa washirika chini ya mkataba wa uhamishaji wa data, lina nukta ya desimali mbili. Ile -10.04218 inakuwa -10.04, na mlango mmoja unageuka kuwa eneo la karibu kilomita moja. Umri unaandikwa kwa makundi ya miaka kumi. Na kwa kuwa hata hivyo kitongoji kidogo kinaweza kuwa na mwanamume mmoja tu wa rika lile mwenye busha, imeongezwa kanuni: kundi lolote lenye watu chini ya watano linaunganishwa na la jirani kabla faili halijatoka.

Mstari ule wa usumbufu wa kijamii nao uliandikwa upya, katika lugha zote mbili, ukisema waziwazi kwamba majirani wanaweza kujua. Toleo likapanda namba, tarehe ikabadilika kila ukurasa.

Sentensi moja ya Kiingereza ikawa sita za Kiswahili. Zinasomeka hivi:

"Jina lako litatolewa kwenye majibu yako na namba itawekwa badala yake. Kuna orodha inayounganisha jina, namba na mahali pa nyumba yako. Tunaihitaji ili tukurudie ukikutwa na vimelea. Itatunzwa hapa nchini na watu wawili tu ndio wenye uwezo wa kuifungua. Watafiti walio nje ya nchi wataona eneo la kijiji na rika lako, hawataona nyumba yako wala jina lako. Orodha hii itafutwa miaka mitano baada ya utafiti kuisha."

## Baraza, mara ya pili

Nilirudi kuisoma. Mzee alikuwepo, mahali palepale. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nianze na ile ya nyumba, nyingine alishazisikia.

Nikasoma zote sita. Akaniomba nirudie ile ya watu wawili. Nikarudia. Akataka kujua mmoja wao akifa ufunguo unakwenda kwa nani. Yule kijana wa kishikwambi akajibu kwamba vimetajwa vyeo, si majina, kwa hiyo atakayekuja baada yake atarithi kazi. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akauliza, "Na miaka mitano ikipita, nitajuaje kwamba mmeifuta?"

Nikatazama ukurasa. Ulisema itafutwa. Haukusema nani atashuhudia, wala kama kijiji kitapata taarifa.

Nimeandika hoja ya tano. Nimependekeza cheti cha ufutaji kitiwe sahihi na watu wote wawili, nakala iletwe ofisi ya mtendaji na isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Barua imeondoka Ijumaa. Tafsiri yangu ya ukurasa ule bado ina nafasi ya mistari miwili, nimeiacha wazi.